Bango Langu Lilikuwa Kali, Shida Hakuna Aliyelisoma

Wacha nianze na aibu yangu kabla mtu mwingine hajaisema kwa komenti.

Mwaka jana, kabla ya mvua ndefu, mimi na maboyz wanne tulipanga siku ya usafi hapa mtaani kwetu Huruma. Kazi ilikuwa moja tu: kuzibua mtaro unaopita nyuma ya ploti zetu, ule umejaa chupa, nguo kuukuu, mchanga na vitu vingine ambavyo sitavitaja kama bado hujala. Kwa sababu mimi ndiye "msee wa dizaini" wa kikundi, nikapewa kazi ya bango. Nilikesha usiku mzima. Nikaweka picha ya mikono imeshika dunia ya kijani. Nikaweka fonti ya mapozi. Nikaweka majani yanaanguka kwa kona. Nikapeleka saiba, nikaprinti nakala kumi za A3, nikabandika.

Walikuja watu saba. Watano kati yao ndio sisi tulioitisha hiyo siku.

Tulifanya tulichoweza, labda mita kumi za mtaro, halafu jua likawa kali na tukaenda zetu. Wiki tatu baadaye mvua ikanyesha usiku. Asubuhi nilimkuta mathe anayeuza mboga kwa kona anaanika magodoro mawili na unga wake wote umeloa. Nyumba yake iko chini, mlango wake na mtaro ni hatua nne. Nikamwambia pole, halafu kwa ujinga wangu nikaongeza, "Lakini mathe, si tuliita watu siku ya usafi? Mbona hukukuja?"

Akaniangalia. "Siku gani hiyo?"

Bango moja lilikuwa limebandikwa ukutani mkabala na meza yake ya mboga. Mkabala kabisa. Alikaa akiliangalia siku kumi na mbili, kuanzia alfajiri hadi usiku. Na mathe anasoma vizuri tu, kila kitu anachokopesha anaandika kwa daftari. Akaniambia, "Ile karatasi ya kijivu? Mimi nilidhani ni ya kanisa ama ya watu wa mikopo."

Hiyo sentensi imenikaa hadi leo. Tuliokuwa hapa 2024 tunajua mafuriko si stori ya kwenye taarifa ya habari. Mvua za Machi hadi Mei mwaka huo ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare, majirani zetu hapa, walikuwa kati ya walioumia vibaya. Kwa hivyo mtaro ukiziba kwa sababu bango halikusomeka, siwezi kujificha nyuma ya "watu wa mtaa hawajali". Watu hawakuambiwa. Mimi nilidhani nimewaambia.

Basi nikaanza kuchunguza ni nini hasa kiliharibika. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda na rula.

Kichwa cha bango kilisema ZOEZI LA USAFISHAJI WA MAZINGIRA. Herufi zake zilikuwa na urefu wa sentimita 1.6. Siku na saa zilikuwa chini, kwa herufi za milimita 6. Halafu nikapima kwa hatua kutoka kwa ukuta hadi mahali mathe anakaa: karibu mita 9. Kwa laptopu yangu usiku ule kila kitu kilionekana kikubwa, maze, kwa sababu pua yangu ilikuwa sentimita arobaini kutoka kwa skrini. Nilitengeneza kitu cha kusomwa kitandani, nikakibandika barabarani.

Kuna mzee mmoja anachora mabango ya vinyozi na vibanda vya chipo hapa mtaani, kwa brashi, tangu kabla sijazaliwa. Nikampelekea nakala moja. Hakucheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliishika, akaisimamisha ukutani, akarudi nyuma hatua kumi na mbili, akaniambia, "Njoo hapa nilipo. Sasa nisomee."

Sikuweza kusoma bango langu mwenyewe.

Akaniambia mafundi wa mabango huwa na kipimo chao: kwa kila mita tatu za umbali, herufi ipate angalau sentimita mbili na nusu za urefu. Mita 3, sentimita 2.5. Mita 6, sentimita 5. Mita 9, sentimita 7.5. Hesabu ya darasa la nne. Nikarudi kwa rula yangu: kichwa changu cha sentimita 1.6 kilikuwa kinasomeka vizuri hadi mita mbili hivi. Ile siku na saa ya milimita 6 ilihitaji mtu asimame sentimita 72 kutoka kwa ukuta. Huo ni urefu wa mkono. Nani anasimama na pua kwa ukuta wa mtaa asome karatasi ya kijivu?

Sasa wewe mjuaji utasema macho ya binadamu yanaona mbali kuliko hapo, na uko sahihi. Ile chati ya herufi unayosomeshwa kwa daktari wa macho ilibuniwa na Mholanzi anaitwa Herman Snellen mwaka 1862. Mtu mwenye macho ya kawaida akisimama mita 6 anatakiwa kusoma herufi ya karibu milimita 9. Ukilinganisha na kipimo cha mzee, fundi anataka herufi kubwa karibu mara sita ya hiyo. Kwa nini? Kwa sababu kwa daktari umesimama tuli, taa imewaka, herufi ni nyeusi tii kwa nyeupe, na unajaribu. Mtu wa barabarani hajaribu. Amebeba mtoto, anakwepa bodaboda, jua liko kwa macho, na wengine wetu tunahitaji miwani ambayo hatujawahi kununua. Bango halipewi mtu anayetaka kusoma. Linapewa mtu ambaye hana mpango wa kusoma, na lazima limkamate akiwa njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimechanganya kazi mbili. Bango lina maneno ya mbali na maneno ya karibu. Ya mbali yanamfanya mtu ajue, bila kusimama, kwamba hii inamhusu na ni siku gani. Ya karibu ni ya yule ambaye tayari amekubali na amesogea: mnaanzia wapi, nilete nini, nimuulize nani. Mimi niliandika kila kitu kwa sauti moja, halafu sauti kubwa zaidi nikaipa picha.

Tuongelee maneno yenyewe, kwa sababu hapa ndipo tunaoandika Kiswahili tunapata taabu ambayo video za mafunzo ya dizaini hazikuambii.

Maneno yetu ni marefu. Waingereza wakitaka kufupisha wana neno la herufi tatu kwa siku. Sisi tuna JUMAMOSI, herufi nane. USAFISHAJI, kumi. MAZINGIRA, tisa. Na kila herufi unayoongeza inapunguza ukubwa wa zote. Herufi kubwa zilizo nene huwa na upana unaokaribia urefu wake, kwa hivyo chukua hesabu ya haraka: neno la herufi nane linataka upana wa karibu mara nane ya urefu wa herufi. Karatasi ya A3 ikilazwa ina sentimita 42. Toa mbili kila upande ziwe ukingo, zimebaki 38. Gawanya kwa nane: JUMAMOSI inapata herufi za chini kidogo ya sentimita 5. Hiyo ni mita 6, basi. Mathe yuko mita 9. Kwa maneno mengine, hata ningefuta kila kitu kwa hilo bango niache neno moja tu, JUMAMOSI, bado asingelisoma kwa raha pale alipo. Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo kabla sijaandika chochote.

Unaweza kutumia fonti nyembamba, zile herufi zilizobanwa kando, na zinasaidia. Lakini mzee alinionya: ukibana sana, mianya ya ndani ya herufi inaziba. Kwa mbali A inakuwa pembetatu nyeusi, B na 8 zinafanana. Yeye hufanya mstari wa brashi uwe karibu moja ya tano ya urefu wa herufi. Herufi ya sentimita 10, mstari wa sentimita 2. Ukiwa mwembamba zaidi unapotea kwa jua, ukiwa mnene zaidi herufi inajimeza. Na acha nafasi kati ya herufi kuliko unavyoona inafaa ukiwa karibu, kwa sababu umbali huzisukuma pamoja.

Kitu kingine kilichofaa kukatwa ni lile neno "zoezi". Na "nyote mnaalikwa". Na "tuungane kwa pamoja". Na "kwa ajili ya kesho iliyo bora". Nilihesabu maneno ya bango langu yakawa 94. Mtu akipita kwa miguu anakupa jicho la sekunde mbili, hivi. Mtu aliye kwa mathree inayoenda kilomita 30 kwa saa anasogea karibu mita 8 kila sekunde, kwa hivyo bango analoweza kuanza kulisoma akiwa mita 25 analo kwa sekunde tatu, na hiyo ni kama hajakaa upande wa pili. Maneno sita au saba. Hayo ndiyo mafuta yako yote.

Na hayo maneno sita lazima yataje kitu chenyewe. "Usafi wa mazingira" ni maneno ya hotuba, ukiyasoma jicho linateleza. Mazingira ni ya kila mtu, maana yake si yangu. Lakini mathe hakuwa na shida ya mazingira, alikuwa na shida ya mtaro. Mtaro anaujua kwa harufu. Tungesema TUNAZIBUA MTARO, angeshtuka. Kitenzi kimoja, kitu kimoja. Na mtu anajua aje na nguo gani.

Halafu kuna hili la saa, na hapa naomba mnisamehe tena. Bango langu liliandika "SAA: 8:00 – 12:00". Kwa kichwa changu ni saa mbili asubuhi hadi saa sita. Ndivyo simu inavyoonyesha. Lakini nimeandika SAA, kwa bango la Kiswahili, halafu 8. Soma kama vile nyanya yako angesoma. Saa nane! Watu watatu walikuja saa nane mchana wakiwa na majembe mabegani. Sisi tulikuwa tumeshaoga. Mmoja alinipigia kuuliza kama tumeahirisha. Kwa hivyo ukihesabu vizuri walikuja kumi, ila watatu niliwapoteza mimi mwenyewe kwa nukta mbili na sifuri mbili.

Kenya tunaishi na saa mbili kichwani, moja ya kusema na moja ya kusoma kwa simu, na tukiongea haitusumbui. Kwa bango inasumbua kwa sababu hakuna wa kuuliza. Andika SAA 2 ASUBUHI. Neno "asubuhi" linakula nafasi, najua, lakini ndilo linaloua mkanganyiko. Hata yule anayesoma 2 kwa Kizungu hawezi kusema asubuhi ni alasiri, na hakuna mtu ataamka usiku wa manane kwenda kuzibua mtaro. Natumai.

Rangi sitaongea sana. Niliweka maandishi meupe juu ya kijani cha majani, kwa skrini ikang'aa. Saiba printa ya rangi ilikuwa imeharibika, jamaa akaniuliza kama aprinti nyeusi na nyeupe, nikasema twende. Kijani kikawa kijivu, picha ya dunia ikawa kijivu kingine, na maneno yakazama katikati. Mzee aliniambia jicho la mbali halitafuti rangi, linatafuta giza na mwanga. Nyeusi kwa nyeupe inafanya kazi. Nyeusi kwa njano inafanya kazi zaidi ukutani kwa sababu inajitenga na karatasi zingine zote nyeupe za kodi ya nyumba na waganga. Nyekundu kwa kijani usijaribu: giza lao linakaribiana, na kuna wanaume wengi ambao macho yao hayazitofautishi vizuri. Kujua kama uko salama, piga picha dizaini yako kwa simu, iweke iwe nyeusi na nyeupe. Maneno yakififia hapo, yatafifia ukutani.

Picha niliitoa. Iliniuma, siwezi kudanganya.

Mwaka huu tukaanza upya, na nataka nikuonyeshe hesabu yote kwa sababu ukiwa na bajeti ya saiba kama yetu utaihitaji.

Tulihitaji karatasi kubwa bila pesa ya karatasi kubwa. Ukiziweka A3 nne pamoja, mbili juu mbili chini, unapata A1 kamili: sentimita 84 kwa 59. Ndiyo maana ya zile namba. Kwa hivyo unatengeneza dizaini moja ya A1, unaikata vipande vinne, unaprinti A3 nne, unaunganisha kwa gundi. Ukiacha sentimita 4 za ukingo kila upande umebaki na upana wa 76.

Mistari ikawa hivi:

TUNAZIBUA
MTARO
JUMAMOSI 21
SAA 2 ASUBUHI

TUNAZIBUA ilikaa kwa herufi za sentimita 9, kwa sababu I ni nyembamba na inakuachia nafasi. MTARO ingeweza kufika karibu 15, lakini tukaiweka 9 pia ili mistari miwili isomeke kama kauli moja. JUMAMOSI 21 ikapata 8. SAA 2 ASUBUHI ikapata 7, nusu sentimita pungufu ya kipimo cha mita 9. Tulibishana hapo. Boi mmoja alitaka tukate "asubuhi" herufi zikue. Nikakataa kwa sababu ya wale watatu wa majembe. Tena mtu akishajua kuna kazi na ni Jumamosi, hatua moja mbele ataisogea mwenyewe kutafuta saa.

Mahali pa kuunganishia karatasi pia panataka akili. Mshono wa kulala unapita sentimita 30 hivi kutoka juu. Mara ya kwanza ulipita katikati ya JUMAMOSI, na karatasi zikikosana hata milimita tatu neno linaonekana limevunjika shingo. Tukashusha mstari kidogo, mshono ukaangukia kwa nafasi tupu kati ya MTARO na JUMAMOSI. Ule wa kusimama huwezi kuukwepa, unapita ndani ya herufi. Na jueni printa nyingi haziprinti hadi ukingoni, zinaacha utepe mweupe. Lazima uukate kwa wembe na rula kabla ya kuunganisha, la sivyo kila herufi ya katikati inakuwa na mwanya.

Chini zikabaki sentimita chache, tukaweka mstari mmoja wa karibu kwa herufi za sentimita 2: "Tunaanzia kwa steji. Leta glavu, jembe au gunia." Ile namba ya simu tuliiweka hapo pia.

Kabla ya kuprinti, nilifanya jaribio ambalo sasa nafanya kwa kila kitu. Simu ukiishika kawaida iko kama sentimita 45 kutoka kwa macho. Mita 9 ni mara ishirini ya hiyo. Kwa hivyo bango la sentimita 84, ukilipunguza kwa skrini hadi liwe na upana wa sentimita 4 na kidogo, unaliona kama mathe atakavyoliona kutoka kwa meza yake. Niliyasoma yote manne bila kukunja uso. Halafu nikafungua lile la mwaka jana, nikalipunguza vivyo hivyo. Likawa sentimita moja na nusu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kijani na ukungu.

Kulikuwa na jaribu moja la mwisho. Mheshimiwa mmoja, sitamtaja, alisikia tunapanga kitu akatuma mtu: atatoa glavu na maji ya kunywa, lakini uso wake ukae kwa bango. Na rangi ya chama. Na nembo. Tukakaa tukapima. Uso aliotaka ungechukua theluthi moja ya karatasi, na herufi zetu zingeshuka hadi sentimita 5. Tungepata glavu na kupoteza watu wa kuzivaa. Tukamwambia jina lake litasomwa siku yenyewe kwa kipaza sauti. Glavu hazikuja. Sijui wewe ungefanya nini, na sisemi tulikuwa mashujaa, kuna mtu alikatwa na kioo siku hiyo na nikazikumbuka hizo glavu.

Tulitengeneza mabango matatu tu badala ya kumi. Moja kwa steji, moja kwa lango la ploti kubwa, baada ya kuomba ruhusa kwa keateka, na moja mkabala na mathe. Nguzo za stima hatukugusa. Tukayainua juu ya kichwa cha mtu mzima ili watu wakijaa steji yasifichwe.

Lile la mathe nililibandika mwenyewe Jumapili jioni. Sikumwambia kitu. Nilikuwa bado niko kwa stuli, nalainisha kona kwa kiganja, nikasikia sauti yake nyuma yangu, kutoka pale pale anapokaa, bila kuinuka.

"Wewe kijana! Hiyo ishirini na moja ni ya mwezi gani?"

Tulisahau mwezi, wasee. Watu watano, wiki nzima ya hesabu, na hakuna aliyeandika Machi. Nilitoa maka pen nikaongeza kwa mkono kwa mstari wa chini, na kwa yale mengine mawili pia. Lakini nilishuka kwa ile stuli nikicheka kama mwenda wazimu, kwa sababu amesoma. Mita tisa.

Walikuja 34. Sitasema ni bango peke yake, tulipita pia na kipaza sauti Ijumaa jioni, na mafuriko yenyewe yalikuwa yameshawasadikisha wengi. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja saa nane. Mathe alifunga meza yake kwa masaa mawili, akaja na jembe la mpini mfupi, akatukemea jinsi tunavyorundika matope karibu na mdomo wa mtaro ambapo mvua ya kwanza ingeyarudisha ndani. Tukayasogeza.

Saa sita mchana nikaenda kutoa mabango, kwa sababu bango la siku ya usafi lililopitwa na tarehe ni takataka nyingine ukutani. Lile la mkabala wa meza lilitoka zima. Mathe akaniambia nisilichane, nimpe. Amelikunja mara mbili, ndilo anafunikia sukuma jua likiwa kali. Ukipita hapo utaona herufi nne za MTARO na kipande cha O.